Kusoma rejista ya malalamiko ya miaka sita na kuona kama yanamrudia mtu mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni: kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, Mwanza. Vibarua wengi wanatoka Kirumba na Igogo, na wasimamizi wa zamu ndio wanaoamua nani aingie kazini. Meneja mkuu anataka kujua kama malalamiko ya 2019 hadi 2024 dhidi ya msimamizi mmoja, tumwite M, ni bahati mbaya au ni mwenendo.

Hatua ya 1: Tafuta zamu, usitafute jina tu

Rejista nyingi hupangwa kwa jina la mlalamikaji, na anayelalamikiwa huandikwa "bosi wa usiku", kwa jina la utani, au haandikwi kabisa. Ukitafuta jina la M utapata barua 4. Sasa chukua tarehe ya tukio katika kila lalamiko ulinganishe na orodha ya zamu ya siku hiyo. Zinakuwa 9. Pitia pia sanduku la maoni na barua za kuacha kazi, kwani kibarua anayeogopa kulalamika mara nyingi husema ukweli akiwa anaaga.

Soma barua yenyewe. Muhtasari wa afisa utumishi hauaminiki peke yake: "kutoelewana kuhusu zamu" inaweza kuwa ni mama aliyeandika kwamba aliambiwa "aje kuongea vizuri" kabla ya kupangiwa usiku.

Hatua ya 2: Hesabu matukio, si barua

Kati ya zile 9, barua 3 zinazungumzia usiku uleule na ugomvi uleule. Hilo ni tukio 1, kwa hiyo yamebaki 7. Mawili ni ya malipo kuchelewa, jambo ambalo msimamizi hana uamuzi nalo, yaweke kando. Yanabaki 5.

Angalia pia maneno. Barua zinazofanana sentensi kwa sentensi huenda ziliandikwa na mtu mmoja. Zinazosimulia jambo lilelile kwa maneno tofauti, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kufanya kazi pamoja, zina uzito zaidi. Katika mfano wetu, wote 5 ni wanawake wenye chini ya miezi 3 kazini, na kila mmoja aliingia mwaka tofauti.

Hatua ya 3: Jaribu kuivunja hoja yako

Hapa ndipo wengi hukosea, maana wakishaona matano wanaacha kutafuta. Uliza kwanza kama samaki walikuwa wachache. Sangara wakipungua zamu hupungua, na manung'uniko huongezeka kwa wasimamizi wote. Fungua daftari la mapokezi uone kilo za wiki husika. Ikiwa 4 kati ya matukio 5 yalitokea samaki wakiwa tele, uhaba hauyaelezi.

Kisha mlinganishe na msimamizi mwenzake mwenye idadi ya vibarua inayokaribiana naye, kwa miaka ileile. Kama mwenzake ana malalamiko 5 ya aina hiyo, tatizo ni utaratibu wa kupanga zamu. Mwenzake ana 1.

Mwisho, tazama mwaka usio na kitu. Mwaka 2022 M hana lalamiko hata moja, na orodha inaonyesha alihamishiwa chumba cha ubaridi, ambako hapangi vibarua. Kabla hujafurahia ugunduzi huo, hakikisha wasimamizi wengine walilalamikiwa mwaka huo. Vinginevyo huenda rejista haikuandikwa tu. Walilalamikiwa. Basi malalamiko yanafuata mamlaka ya kupanga zamu: M anapokosa mamlaka hayo malalamiko yanakoma, anapoyapata tena yanarudi.

Hatua ya 4: Soma namna yalivyofungwa

Matatu kati ya 5 yamefungwa kwa maneno "mlalamikaji ameondoka kazini". Huo si uamuzi. Andika nani alifunga kila moja na baada ya siku ngapi. Sahihi ileile ikijirudia, mtu huyo asiguse uchunguzi utakaofuata.

Hatua ya 5: Kabidhi

Andika ukurasa mmoja: tarehe, zamu, aina ya tukio, namna lilivyofungwa. Majina ya walalamikaji yakae kwenye karatasi tofauti, ndani ya bahasha iliyofungwa. Andika "malalamiko 5 yanafanana katika haya", usiandike "M amefanya". Hakuna aliyemsikiliza M bado, na wewe ukishaandika hukumu huwezi tena kukaa kwenye kamati ya nidhamu.

Usiwaite wanawake hao pamoja. Watasikilizana, na ushahidi wao utapoteza thamani. Kama barua hata moja inadai M aliomba ngono ili ampe mtu kazi, hilo si la nidhamu ya kiwanda pekee: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalitaja kuwa kosa, na mahali pake ni TAKUKURU. Wakati uchunguzi unaendelea, orodha ya zamu ipangwe na mtu mwingine, na mshahara wa M usiguswe.