Somo: Reki na pinioni za kuprinti, moduli 1.5, meno 18

Wakuu, leo tutengeneze reki na pinioni ya kusukuma kitu kwa mstari ulionyooka, mwendo tunaotaka ni milimita 160. Kitu cha kwanza ni moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino, na lazima iwe ileile pande zote mbili, pembe ya meno nayo iwe nyuzi 20 kote. Mimi kwa plastiki sishuki chini ya 1.5 maana nozo ya 0.4 haichongi vizuri meno madogo. Pinioni naipa meno 18, kwa sababu kwenye nyuzi 20 ukishuka chini ya 17 shina la jino linaanza kuliwa.

Hesabu ni hizi tu, m ni moduli, z ni idadi ya meno ya pinioni, d ni kipenyo chake cha kazi, p ni umbali wa jino hadi jino:

```
d = m*z = 1.5*18 = 27
p = pi*m = 4.7124
mzunguko 1 = pi*d = 84.82
160/p = 33.95
```

Kwa hiyo meno 34, ongeza mawili kila mwisho yawe 38, reki itakuwa 179.07. Hiyo p usiikate, andika `pi*m` kwenye programu uiache ipige yenyewe. Niliwahi kuandika 4.7 nikaona tofauti ni ndogo, gia ikazunguka vizuri kabisa ila baada ya meno 34 nikawa nimepungukiwa karibu nusu milimita na swichi ya mwisho haikuguswa.

Umbali toka katikati ya shafti hadi ncha za meno ya reki ni 12 (yaani 13.5 toa 1.5), ongeza 0.15 ya kupumua. Matundu ya boliti za kushikia mota yafanye marefu kidogo ili uweze kusogeza.

Kuprinti: reki ilale ubavu, umbo la jino lionekane ukiitazama toka juu, ukiisimamisha meno yanavunjika kwenye leya. Leya ya kwanza huwa inatanuka na kuziba nafasi za meno upande mmoja, so kata kona ya chini 0.4.

Swali: Mkuu yangu inakaza halafu inalegea, shida ni reki au pinioni?

Chora alama kwenye jino moja la pinioni kwa maka pen. Ikikaza kila alama hiyo inaporudi chini, tundu la shafti halipo katikati. Ikikaza sehemu ileile ya reki hata ukihamisha pinioni meno matano mbele, basi ni reki, angalia kama imepinda.

Swali: Kitanda changu kidogo, naweza kuunga vipande viwili?

Ndio, ila kata katikati ya bonde, usikate kwenye jino. Wakati wa kufunga boliti gandamiza kipande cha reki ya tatu juu ya kiungo, meno yaingiliane, ndio ukaze, hapo nafasi inajipanga yenyewe.

Swali: Nina nafasi ya pinioni ya meno 10 tu?

Inawezekana, reki haibadiliki, ila kwenye programu weka profaili shifti 0.41 na usogeze shafti mbali kwa 0.62 zaidi ya umbali wa kawaida wa meno 10. Mzunguko mmoja utakupa 47.12.