Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchomelea: jicho la anayeshika chuma

Fundi anayechomelea huwa na kioo cheusi usoni, lakini msaidizi anayemshikia chuma mara nyingi hana kitu, na ndiye ninayemhofia zaidi kabla mashine haijawashwa. Tuchukue fremu ya dirisha inayoshikizwa kwa nukta fupi za kuchomelea kabla ya kuunganishwa moja kwa moja. Kila mwako huchukua kama sekunde mbili, na msaidizi hufumba macho akiwa amekwisha kuchelewa, kwa sababu cheche huwaka kabla kope hazijafunga. Nukta ishirini ni sekunde arobaini za miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala haliihisi, na kipimo hicho hujumlika siku nzima. Mtu aliye karibu huweza kuumia kwa sekunde chache tu.

Kwa hiyo, msaidizi apewe ngao yake mwenyewe, na kama fremu inaweza kushikwa kwa jiriwa au kibano, mtu huyo aondolewe kabisa. Umbali husaidia, kwani ukisimama mbali mara mbili miale inayokufikia hupungua hadi takriban robo. Pazia maalumu la kuchomelea, au turubai nene lisiloshika moto kwa urahisi, lizunguke meza pande zote ambako watu hupita. Watu husahau nyuma: bati linalong'aa hurudisha miale, ikapenya pembeni mwa ngao hadi kwenye jicho la fundi mwenyewe.

Madhara hayaonekani papo hapo. Aliyepigwa na mwako saa tisa alasiri huenda nyumbani mzima, akala, akalala, kisha saa tano au sita za usiku akaamka akihisi mchanga ndani ya macho yote mawili, machozi yakimtiririka na taa ikimchoma. Ni ngozi ya juu ya konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, iliyoungua, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu.

Asiyasugue. Kama anavaa lenzi za macho, azivue, akae gizani, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, na anywe dawa ya kawaida ya maumivu. Maziwa na viazi visiwekwe machoni. Matone ya ganzi asiyatumie nyumbani, hata yakimtuliza mara moja, kwa sababu huchelewesha konea kupona na huweza kuiharibu.

Kuna dalili moja ya kuangaliwa kwa makini: jicho moja tu likiuma, hasa baada ya kusaga chuma, huenda kipande cha chuma kimeingia, nalo ni jambo la daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama uoni umefifia, au maumivu hayajapungua baada ya saa 24.