Sheria ya Darcy kwa bomba la mchanga: pima mwenyewe mteremko na upitishaji wa maji

Waulize wanaoanza kusoma habari za maji ya chini ya ardhi: maji hutoka wapi kwenda wapi? Wengi watakujibu kwamba hutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka siku nilipofunga mirija miwili kwenye bomba lililojaa mchanga. Tutafika hapo. Kwanza tuliunde bomba lenyewe.

Hatua ya 1: Bomba na mirija

Tafuta bomba la plastiki linaloonyesha ndani, urefu mita 1, kipenyo cha ndani sentimita 10. Lisimamishe wima juu ya meza. Ziba chini, acha tundu moja la mpira wa kutolea maji. Weka wavu laini sm 10 kutoka chini, ukae imara, maana ndio utakaobeba mchanga.

Toboa ubavuni matundu mawili madogo: moja sm 20 juu ya meza, la pili sm 60. Kila tundu libandike mrija mwembamba unaoonyesha ndani, uusimamishe kando ya rula ndefu ambayo sifuri yake iko usawa wa meza. Mdomo wa mrija ufunike kwa kitambaa, la sivyo mchanga utaingia. Juu, kwenye sm 87, toboa tundu la kutokea maji ya ziada. Ukiendelea kutia maji kidogo zaidi ya yanayopita kwenye mchanga, tundu hilo litashikilia usawa wa juu bila kubadilika.

Hatua ya 2: Kujaza mchanga bila hewa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mara ya kwanza nilimwaga mchanga mkavu, kisha nikatia maji kwa juu. Jibu la upitishaji lilikuwa dogo, na kila baada ya nusu saa likapanda kidogo. Nilibadilisha rula, nikabadilisha saa, bure. Tatizo lilikuwa hewa iliyonaswa kati ya chembe: kiputo kikiziba njia, maji hayapiti, na kadiri hewa inavyoyeyuka polepole ndani ya maji, njia zinafunguka. Kwa hiyo kipimo kinachopanda chenyewe huku hujagusa kitu, shuku hewa kwanza.

Dawa yake ni hii. Osha mchanga mpaka maji yatoke safi, ukaushe, upime uzito. Uweke kwa tabaka za sm 5, ukigongagonga bomba kidogo, mpaka ufike sm 70. Kisha ingiza maji kwa chini, polepole sana, yapande yakisukuma hewa juu. Ukiyaharakisha, mchanga utaanza kuchemka na kuelea: kwa mchanga wa kawaida hilo hutokea mteremko wa maji yanayopanda, yaani sentimita za usawa wa maji zinazopotea kwa kila sentimita ya mchanga, unapokaribia 1. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa hewa yake imeshapungua.

Hatua ya 3: Soma mirija kabla maji hayajatembea

Jaza mpaka tundu la sm 87 na ufunge mpira wa chini. Mirija yote miwili isome 87. Ikitofautiana, mmoja una kiputo. Ugonge mpaka kitoke. Usiendelee kabla ya hapo.

Hatua ya 4: Ruhusu maji, subiri, pima

Fungua mpira wa chini na uinue mdomo wake mpaka sm 66 juu ya meza. Maji sasa yanashuka kupitia mchanga. Subiri mpaka mirija itulie, kisha kinga maji kwenye silinda ya kupimia kwa dakika 5. Kwenye bomba langu nilipata hivi: mrija wa juu sm 84, wa chini sm 72, na maji mililita 353.

Sasa angalia lile suala la presha. Mrija wa juu umefungwa sm 60, maji yake yamesimama 84: presha pale ni sawa na uzito wa sm 24 za maji. Wa chini umefungwa sm 20, maji yamesimama 72: presha ni sm 52. Presha ya chini ni zaidi ya maradufu ya ile ya juu, na bado maji yanashuka kuielekea! Kinachoyaongoza ni jumla ya presha na mwinuko wa mahali penyewe, yaani usawa unaosomwa kwenye rula. Jumla hiyo ndiyo kimo cha maji, na maji hutoka kimo kikubwa kwenda kidogo.

Hatua ya 5: Hesabu

Mteremko wa haidroli, i, ni kimo kilichopotea kugawa kwa umbali ambao maji yamepita ndani ya mchanga. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha mwaka 1856 majaribio yake ya nguzo za mchanga, yaliyoonyesha kwamba maji yanayopita huongezeka sawasawa na mteremko huo. Hapa Q ni maji yanayopita kwa sekunde, na A ni eneo la mkato wa ndani wa bomba:

```
Q = K * A * i
i = (84 - 72) / 40 = 0.30
A = 78.5 cm2
Q = 353 / 300 = 1.18 cm3/s
K = Q / (A * i) = 0.05 cm/s
```

K ndiyo upitishaji wa maji, sifa ya mchanga pamoja na maji yenyewe. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi kutiririka: kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, K hupanda kama robo. Andika joto kila mara.

Jaribu mteremko mwingine kwa kushusha au kuinua mdomo wa mpira. Tofauti ya mirija ikiwa sm 6, utarajie kama mililita 177 kwa dakika 5. Ikiwa sm 20, kama 589. Zikiacha kupanda sawasawa kwenye mteremko mkubwa, maji yamekuwa ya kasi mno kwa sheria hii. Kwenye changarawe hilo huja mapema, kwenye mchanga mwembamba si rahisi ulione.

Usikubali kurahisisha kwa kutumia 87 na 66 badala ya mirija. Ungepata mteremko wa 21 kwa 60, yaani 0.35, na K ya 0.043. Ile tofauti imeliwa na wavu na mpira, si mchanga.

Hatua ya 6: Kasi ya kweli ya maji

Ukigawa Q kwa A unapata sm 0.015 kwa sekunde, ambayo ingehitaji dakika 44 kuvuka sm 40. Ila maji hayapiti ndani ya chembe, yanapita kwenye nafasi kati yake. Mchanga wangu ulikuwa kilo 8.1 kwenye ujazo wa sm 4,712 za ujazo. Nikichukua gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo ya chembe, nafasi tupu ni kama asilimia 35. Kasi ya kweli basi ni 0.015 kugawa kwa 0.35, sm 0.043 kwa sekunde, takriban dakika 16. Tia tone la rangi juu ya mchanga uone kwa macho: kitovu cha wingu la rangi kitapita mrija hadi mrija kwa muda wa karibu na huo, huku ncha yake ikitangulia, kwa sababu njia kati ya chembe hazilingani.

Chukua K hiyohiyo uipeleke ardhini: ni karibu mita 43 kwa siku. Visima viwili viko umbali wa mita 100 kwenye mstari wa mtiririko, na vimo vyake vinatofautiana sm 20. Mteremko ni 0.002, na ukizidisha kwa K kisha ukagawa kwa 0.35 ileile, maji yanatembea kama sm 25 tu kwa siku. Kuvuka mita hizo 100 yatachukua zaidi ya mwaka. Visima viwili peke yake lakini havikuambii mstari wa mtiririko uko upande gani. Kwa hilo unahitaji cha tatu, kisiwe kwenye mstari mmoja na hivyo viwili.