Mfadhili asikute upungufu kwenye kiambatisho

Lengo la mradi lisipotimia, sema hivyo kwenye aya ya kwanza ya barua pepe unayomtumia mfadhili pamoja na ripoti, kabla ya mafanikio mengine. Afisa wa mfadhili anayesimamia mradi huwa anaanza na barua pepe. Akija kukuta pengo kwenye jedwali la ukurasa wa tisa, ataanza kutilia shaka hata takwimu zilizo sahihi.

Tuseme mliahidi kufundisha wanawake 200. Walioanza ni 169, waliomaliza 146. Kishawishi ni kuandika "tumewafikia wanawake 169". Usifanye hivyo: kama mkataba unasema "watakaohitimu", namba yako ni 146, yaani asilimia 73. Hiyo 169 itaje kando, kwa jina lake.

Kisha gawanya pengo la 54 kwa sababu. "Changamoto mbalimbali" haimwambii mtu kitu. Andika hivi:

"Wanawake 31 hawakuanza kwa sababu tulichelewa wiki tano kupata ukumbi. Wengine 23 waliacha baada ya sisi kuhamishia vipindi asubuhi, muda wao wa kazi. Kosa la ratiba ni letu. Vipindi vimerudi jioni."

Hakikisha 31 na 23 zinatoa 54. Hesabu isiyofunga ndiyo huzaa maswali mengi kuliko upungufu wenyewe.

Malizia na fedha: kiasi kilichobaki, kiko kwenye kifungu gani cha bajeti, na ombi moja lenye tarehe, mfano kuongezewa miezi miwili bila fedha mpya. Ombi hilo litume kabla mkataba haujaisha. Ukishaisha, mara nyingi kinachobaki ni kurudisha salio.