Mkataba wa gari lililotumika: andika leo kile utakachohitaji siku injini ikichemsha

Kazi yangu ni kuandaa mikataba ya mauziano ya magari kati ya watu binafsi, na kusuluhisha pale wanapokosana. Mara nyingi ugomvi hauanzii kwenye gari lenyewe. Unaanzia kwenye maneno ambayo muuzaji aliyatamka, mnunuzi akayaamini, na hakuna aliyeyaandika. Nitapita hatua za mwanzo kwa kifupi, kisha nikae kwenye kasoro iliyofichika, maana huko ndiko watu wanakopoteza haki zao.

Hatua ya 1: Linganisha namba na chuma

Shika kadi ya gari mkononi, kisha itafute namba ya chasisi kwenye gari lenyewe. Mara nyingi huwa chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango, au imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Ukiiona O ndani ya namba ya 17, ama aliyenakili amekosea, ama kuna mtu aliyeichezea. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, yenye alama ya modeli, kistari, kisha tarakimu. Hilo peke yake lisikutie hofu.

Pitisha kidole juu ya namba. Chuma kilichosagwa, rangi mpya mahali pamoja tu, au herufi zisizokaa kwenye mstari ni sababu ya kusimamisha biashara hadi mamlaka ya usajili iangalie.

Hatua ya 2: Hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza

Kadi inaonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani, lakini si kila nchi inaichukulia kuwa ushahidi kamili wa umiliki. Uingereza, kwa mfano, hati ya usajili iitwayo V5C inasema yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kanuni ya msingi ni kwamba mtu hawezi kumpa mwingine haki asiyokuwa nayo. Gari la wizi likipita mikono mitatu, kwa kawaida bado ni la aliyeibiwa.

Kwa hiyo muulize muuzaji yeye alilipataje. Omba risiti au mkataba wake wa kununulia, na ulinganishe jina na kitambulisho. Kama mwenye jina amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi mwenye hati. Kama gari limewekwa dhamana ya mkopo, sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji, naye atoe barua ya kuliachia. Upekuzi wa rekodi za usajili ufanye siku ile ile ya kulipa, kwa sababu wa wiki iliyopita hauonyeshi zuio lililowekwa jana.

Hatua ya 3: Andika maneno ya muuzaji

Mkataba wa kawaida huwa na majina, namba za gari, bei na sahihi. Hautoshi. Ongeza aya moja yenye kauli za muuzaji kuhusu hali ya gari, kwa maneno ya kawaida:

> Muuzaji anasema kwamba injini haijawahi kufunguliwa, haichemshi, na gari halijawahi kupata ajali iliyogusa chasisi. Odomita inasoma kilomita ____, na kwa anavyojua ndiyo safari halisi. Hitilafu anazozijua ni hizi: ____.

Nafasi hiyo ya mwisho inamlinda muuzaji mwaminifu kuliko kifungu chochote, kwani kasoro aliyoitaja haiwezi kuitwa iliyofichwa. Kwa wauzaji wote ninaowaandalia mkataba, nasisitiza waijaze.

Hatua ya 4: Lipa, kabidhi, hamisha

Andika tarehe na saa ya makabidhiano. Uhamisho wa umiliki ufanyike siku hiyo, pande zote mbili zikiwepo. Muuzaji asisaini fomu ya uhamisho iliyoachwa wazi sehemu ya jina la mnunuzi: gari likiuzwa tena na tena bila kusajiliwa upya, faini na madai ya ajali yatamrudia yeye.

Hatua ya 5: Kasoro ikijitokeza

Tuseme gari liliuzwa kwa mkataba wenye aya ile ya juu. Siku ya 12, mshale wa joto unapanda. Maji ya rejeta yanapungua ingawa hakuna tone chini, na moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa imepata moto. Dalili hizi zinaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huongeza shaka, ila peke yake hauthibitishi kitu, kwani safari fupi fupi nazo huuleta.

Mnunuzi azime gari na asiliendeshe tena. Akiendelea kuliendesha huku linachemsha, uharibifu utakaofuata ni wake. Fundi apime kwanza bila kufungua injini: kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambacho hugeuka njano kikikutana na gesi ya mwako. Kisha mnunuzi amwandikie muuzaji, ataje dalili na kipimo, na amwalike na fundi wake siku maalumu. Injini ifunguliwe mbele ya wote, na picha zipigwe. Anayetengeneza kwanza na kudai baadaye amefuta ushahidi wake mwenyewe.

Tuseme hedi ilipofunguliwa, njia za maji zilikutwa na chembe za dawa ya kuziba mivujo, na hedi ina alama za kukwanguliwa zamani. Hapo inaonekana kasoro ilikuwepo kabla ya mauzo, na kauli kwamba injini haijawahi kufunguliwa haikuwa kweli.

Nguvu ya dai inategemea sheria ya nchi. Chini ya sheria ya Ufaransa, mnunuzi analindwa dhidi ya kasoro iliyofichika hata kama muuzaji hakuijua, isipokuwa mkataba umemwondolea dhamana hiyo. Ana miaka 2 tangu aigundue, na anaweza kurudisha gari au kubaki nalo na kupunguziwa bei. Kwenye nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, dhamana ya ubora kwa kawaida humbana mfanyabiashara, si mtu binafsi. Huko mnunuzi hushinda kwa kuthibitisha kwamba alichoambiwa hakikuwa kweli, na aya ya hatua ya 3 ndiyo inayobeba kesi. Maneno "limeuzwa kama lilivyo" kwa kawaida hayamwokoi aliyedanganya kwa makusudi.

Wakikubaliana kupunguza bei, mimi hutumia uwiano. Kama gari zima lingekuwa na thamani ya 100, lenye hitilafu 75, na mnunuzi alilipa 90, bei sahihi ni 90 × 75 ÷ 100, yaani 67.5. Anarudishiwa 22.5. Njia hii inamwachia mnunuzi unafuu aliojipatia kwenye mapatano, bila kumgeuza muuzaji kuwa mlipaji wa injini mpya kwenye gari la zamani.

Wakisaini maafikiano, yaandikwe kwamba yanahusu gasketi na hedi tu. Nimeona watu wakisaini kwamba "hawadaiani tena chochote", kisha mkopeshaji wa zamani akaja kulichukua gari.