Kabla Hamjaichunguza Kantini ya Shule

Gazeti la shule likiamua kuandika habari za kantini, pendekezo la kwanza mezani huwa ni "Kantini yetu ni chafu". Wanaotoa pendekezo hilo mara nyingi wana sababu, kwa maana wamemwona nzi juu ya kachori, au wameshika sahani yenye mafuta ya jana. Lakini uchafu ni hukumu, na hukumu hutolewa mwisho. Mwenye kantini akisema pake ni pasafi na mwandishi akasema ni pachafu, msomaji hana cha kushika, na mwalimu mlezi atalibandua gazeti ukutani kabla ya mapumziko.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kalamu na kabla ya kamera, ni kulibana swali mpaka watu wawili wasioelewana waweze kwenda kuangalia na kurudi na jibu moja. Kwa kantini, swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: wakati wa mapumziko, mwanafunzi anayekwenda kununua chakula anakuta maji yanayotiririka na sabuni pale pa kunawia? Hapa Tanga tunakula muhogo, chapati na sambusa kwa vidole, kwa hiyo swali hilo linagusa kila anayenunua. Pia lina jibu la ndiyo au hapana, na linaweza kuulizwa tena kesho saa ile ile.

Kuna maswali yanayovutia zaidi ambayo ni heri kuyaacha. Kubwa kuliko yote ni lile la kuumwa tumbo. Mwanafunzi akiharisha leo, atakumbuka chapati ya kantini ya jana kwa sababu ndiyo iliyo karibu kwenye kumbukumbu. Lakini kipindupindu huweza kujitokeza kuanzia saa chache hadi siku 5 baada ya vimelea kuingia mwilini, na homa ya matumbo huchukua kama wiki moja hadi tatu. Katika muda huo mtoto amekunywa maji nyumbani, amekula mihogo kituo cha daladala, na amekwenda shughuli ya harusi Makorora. Gazeti la shule haliwezi kuupambanua mlo mmoja kati ya yote hayo. Hata daktari huhitaji vipimo vya maabara na orodha ya waliokula na wasiokula. Mkisikia wanafunzi wengi wameugua kwa pamoja, hiyo ni taarifa ya kumpelekea mwalimu wa afya na afisa afya wa kata siku hiyo hiyo, wala haingoji toleo lijalo.

Vivyo hivyo na chakula kilichopoa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae na joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa. Ni kipimo kizuri, ila bila kipimajoto hamna cha kuandika. Kugusa bakuli kwa kiganja hakutoshi.

Swali likishabanwa, elewaneni maana ya kila neno kabla ya siku ya kwanza ya kuangalia. "Maji yanatiririka" ni koki ya bomba, ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi ambacho maji yake yanamwagika ukikanyaga kijiti. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono halihesabiwi, hata likiwa limejaa. "Sabuni ipo" maana yake iko mahali ambapo anayenawa anaifikia bila kuondoka, iwe kipande, iwe ya maji kwenye chupa. Halafu kuna hali ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni sabuni iliyofichwa ndani kwa muuzaji, unayopewa ukiomba. Wauzaji huiweka ndani kwa sababu ikikaa nje inaondoka. Ipeni safu yake kwenye daftari. Mkiiandika "hakuna" mtakuwa mmemdhulumu muuzaji, na mkiiandika "ipo" mtakuwa mmemdanganya msomaji, kwa kuwa mtoto wa kidato cha kwanza haombi sabuni mbele ya foleni.

Daftari lenyewe ni la mistari ya kawaida. Kila ziara ina mstari wake wenye tarehe, saa, maji, sabuni nje, sabuni ndani, na jina la aliyeangalia. Tuseme ni shule ya kutwa upande wa Ngamiani, mapumziko yanaanza saa 4:00 asubuhi na kwisha saa 4:30. Wekeni ziara mbili, saa 4:05 na saa 4:25, kwa siku 10 za masomo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili mfululizo. Ziara ya pili ni muhimu, kwani maji ya ndoo yaliyokuwepo mwanzo wa mapumziko huweza kuwa yamekwisha foleni inapokuwa ndefu. Waangaliaji wawe wawili, kila mmoja na daftari lake, na wasilinganishe mpaka Ijumaa ya mwisho. Mahali walipotofautiana, mstari huo uondolewe kwenye hesabu na gazeti liseme umeondolewa.

Je, muuzaji aambiwe? Mlezi wa gazeti na mkuu wa shule waambiwe mapema, na ruhusa yao ipatikane. Muuzaji si lazima atajiwe siku, maana sabuni hununuliwa upesi ukijua unaangaliwa. Lakini mwangaliaji asidanganye akiulizwa anafanya nini, asiingie jikoni bila kukaribishwa, na asipige picha ya mtu. Picha ya koki na sehemu ya sabuni inatosha. Eneo la kunawia ni la wote, na kusimama pale hakumwonei mtu.

Sasa tuseme wiki mbili zimekwisha na madaftari yote mawili yanakubaliana. Kati ya ziara 20, maji yalikuwepo mara 18. Sabuni ilikuwa nje mara 7, ilikuwa ndani mara 5, na haikuwepo popote mara 8. Hapa ndipo waandishi wengi wachanga hukimbilia kichwa cha habari. Tulieni kwanza mzipange ziara kwa siku za wiki. Katika mfano wetu, zile 7 za sabuni nje zote ziliangukia Jumatatu na Jumanne, zile za ndani ziliangukia Jumatano isipokuwa moja ya Jumanne, na zile 8 za kukosekana kabisa zote ni Alhamisi na Ijumaa. Mpangilio huo unasema jambo ambalo jumla peke yake haikulisema. Kinachoonekana ni sabuni inayonunuliwa mwanzo wa wiki, inayorudishwa ndani inapopungua, na inayokwisha katikati ya wiki. Uzembe usingefuata kalenda namna hiyo. Lakini huo bado ni ubashiri wenu, mpaka mwenye kujua awajibu.

Na zile mara mbili za kukosa maji? Zote ni Alhamisi moja. Kabla ya kuandika chochote, pigeni hodi nyumba mbili tatu za jirani mwulize kama siku hiyo mabomba yalitoka. Kama mtaa mzima ulikauka, basi swali linahamia Tanga UWASA walikuwa wametangaza nini, na kama shule ina tangi la akiba. Muuzaji hafungui bomba la mtaa. Kama majirani walikuwa na maji na shule haikuwa nayo, tatizo liko ndani ya uzio, na wa kuulizwa ni uongozi wa shule.

Baada ya hapo nendeni kwa wahusika, mkiwa na namba mkononi na bila sauti ya mashitaka. Msalimieni mama wa kantini kama mnavyomsalimia siku zote, "Shikamoo mama", kisha mwonesheni daftari lenyewe. Swali zuri kwake ni: "Sabuni ya pale bombani inanunuliwa na nani, na kwa wiki vipande vingapi?" Swali baya ni: "Kwa nini huweki sabuni?" Tuseme anajibu kwamba mkataba wake ni wa kuuza chakula na kulipa pango, na sabuni ya wanafunzi ni ya shule, ila kwa huruma yake hununua kipande kimoja kila Jumatatu. Kisha ofisi inajibu kwamba usafi wote wa eneo la kantini ni wa mwenye kantini. Majibu mawili yanapogongana hivyo, msichague mnayempenda. Ombeni kuoneshwa kifungu cha mkataba kinachohusu usafi. Kama mkataba haukutaja sabuni, hiyo ndiyo habari yenu, nayo ni nzito kuliko "Kantini chafu", kwa sababu ina mahali pa kurekebishwa.

Kitu kingine kinachokaguliwa kwa macho ni cheti cha kupimwa afya. Wanaoandaa na kuuza chakula wanatakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6. Ombeni kuona tarehe tu. Majibu ya vipimo ni siri ya mtu na mgonjwa si habari. Kwa afisa afya wa kata, ulizeni mara ya mwisho kuikagua kantini ilikuwa lini na aliagiza nini. Akisema hawezi kujibu bila idhini ya ofisi yake, andikeni hivyo hivyo na tarehe mliyouliza.

Wanaotaka kuchunguza uchelewaji badala ya kantini watumie utaratibu huo huo. Hesabuni wanaoingia getini baada ya kengele, mwandike wanakotoka na usafiri waliotumia, bila majina. Daftari la zamu pekee halitoshi, kwani huwaandika waliokamatwa na kuwaacha waliopita uani. Na msiandike kwamba wanafunzi wa Pongwe ni wavivu kabla hamjasimama kituoni alfajiri kuona daladala ngapi zinapita bila kuwachukua wenye sare.

Mkifika kuandika, tumieni hesabu kama ilivyo. "Mara 8 kati ya 20" ni bora kuliko "asilimia 40", kwa kuwa asilimia huifanya hesabu ndogo ionekane kubwa. Semeni ni wiki mbili zipi, na msiseme "muhula mzima". Msiandike "daima" wala "kamwe". Jina la muuzaji halihitajiki, hata kama shule nzima inamjua. Maelezo yake yakae aya ya pili au ya tatu, karibu na namba zinazomhusu, kwani wengi hawasomi mpaka chini. Kabla ya kubandika, msomeeni yeye na ofisi sehemu zinazowahusu, kwa ajili ya kusahihisha ukweli tu. Wakileta ushahidi kwamba mstari fulani wa daftari umekosewa, rekebisheni. Wakisema tu hawaipendi, andikeni kwamba wanaipinga.

Madaftari yote mawili yakabidhiwe kwa mlezi yakiwa na saini, na yasitupwe. Kisha chagueni wiki moja baada ya mwezi, saa zile zile mbili na maana zile zile za "ipo" na "hakuna", mrudi bombani.