Kupima mtiririko wa nozeli na upana wa mkanda kwenye droni ya kunyunyizia dawa

Mistari ya kijani na ya njano inayoonekana shambani wiki mbili baada ya droni kupita haitokani na dawa mbaya. Mara nyingi inatokana na namba moja: upana wa mkanda, yaani eneo ambalo droni inalinyunyizia vya kutosha kwa kupita mara moja, ulioandikwa kwenye programu bila kupimwa. Upana huo hauchaguliwi, unapimwa shambani, na mtiririko wa nozeli ndio unaoufuata.

Mfano wetu ni shamba la mahindi huko Masindi, Uganda, lenye viwavijeshi vamizi. Droni ni ya tangi la lita 10, ina nozeli nne za kijani za namba 110-015 zilizofungwa chini ya mapanga. Tunataka lita 8 za mchanganyiko kwa ekari, droni ikienda mita 5 kwa sekunde. Kwa sasa tunakadiria mkanda wa mita 4.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mtiririko unaohitajika

```
lita kwa dakika = lita kwa ekari × upana (m) × mwendo (m/s) × 0.015
8 × 4 × 5 × 0.015 = 2.4
```

Hiyo 0.015 ni takriban sekunde 60 kugawanya kwa mita za mraba 4,047 za ekari moja. Lita 2.4 kwa nozeli nne ni lita 0.6 kila moja, na nozeli ya 110-015 hutoa karibu kiasi hicho kwa shinikizo la baa 3. Hesabu ikidai kingine kabisa, badilisha aina ya nozeli. Usijaribu kuilazimisha pampu.

Hatua ya 2: Pima kila nozeli peke yake

Ondoa mapanga kwanza. Tia maji safi nusu tangi, washa pampu kutoka kwenye programu, na uache maji yatoke mpaka mapovu yaishe mabombani, kwa sababu hewa iliyobaki itakudanganya. Kisha kinga maji ya kila nozeli kwa sekunde 60 kamili. Kama huna jagi lenye alama, tumia mizani ya jikoni: toa uzito wa chombo, na kila gramu moja ya maji ni mililita moja.

Tuseme umepata 0.60, 0.59, 0.61 na 0.52. Wastani ni 0.58, na nozeli ya nne iko chini yake kwa asilimia 10. Tofauti inayozidi asilimia 5 haifai kuachwa. Anza na chujio dogo lililo nyuma ya nozeli. Dawa za unga, kama mankozebu iliyotumika kwenye nyanya au viazi siku zilizopita, huganda hapo. Ioshe kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Usitumie sindano wala waya, maana mkwaruzo kidogo tu kwenye tundu hubadilisha umbo la mnyunyizo, na usiipulize kwa mdomo. Nozeli inayotoa zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango chake ikiwa mpya imelika, na kuisafisha hakutaiponya. Itupe.

Baada ya kusafisha, tuseme zote nne zinajumlika lita 2.40. Linganisha na mtiririko unaoonyeshwa kwenye skrini. Skrini ikisema 2.6 ilhali majagi yanasema 2.4, amini majagi, kisha rekebisha kipima mtiririko kwenye mipangilio.

Hatua ya 3: Tafuta upana halisi wa mkanda

Hapa ndipo panapohitaji subira. Wingu la maji unaloliona chini ya droni ni pana kuliko sehemu inayopata dozi ya kutosha, kwa kuwa kingo zake hubeba matone machache sana.

Fanya kazi hii asubuhi, upepo ukiwa chini ya mita 3 kwa sekunde, na urushe droni ikielekea upepo unakotoka. Upepo wa pembeni utauhamisha mkanda wote upande mmoja. Tumia maji tu, tangi likiwa nusu, kwa sababu uzito wa droni hubadilisha nguvu ya hewa inayosukumwa chini.

Panga karatasi za manjano zinazogeuka bluu zikiguswa na maji kwenye mstari unaokata njia ya droni, kila nusu mita, kuanzia mita 3 kushoto hadi mita 3 kulia. Ziweke juu ya vigingi vyenye kimo cha mahindi. Zishike kwa glavu, maana jasho la vidole linazigeuza bluu pia. Droni iruke mita 2.5 juu ya mahindi yenyewe, si juu ya ardhi. Ianze kunyunyizia mita 30 kabla ya mstari ili ifikie mwendo wake, na iendelee mita 20 baada yake. Rudia mara tatu kwa karatasi mpya, kisha chukua wastani wa matone kwa sentimita ya mraba.

Tuseme wastani, kutoka kushoto kwenda kulia, ni huu:

```
-3.0  -2.5  -2.0  -1.5  -1.0  -0.5   0   0.5   1.0   1.5   2.0   2.5   3.0
  3     8    17    27    34    38   36   39    33    26    16     9     3
```

Katikati kuna matone 36 hadi 39. Tafuta mahali yanaposhuka hadi karibu nusu, yaani 18: ni takriban mita 2 kila upande. Kwa hiyo mkanda ni mita 4, ingawa maji yalifika hadi mita 6.

Hakikisha kwa kujumlisha mikanda jirani. Ukiacha mita 4 kati ya njia, pale penye matone 17 kushoto panaongezewa 16 ya njia ya pili: 33. Kila mahali panakuwa kati ya 33 na 39. Ukiweka mita 5, mpakani panabaki 17 tu ilhali chini ya droni pana 39. Huo ndio mstari wa njano, na viwavi wa mstari huo wanaendelea kula.

Matone yakirundikana kingoni na kupungua katikati, droni iko chini mno: hewa ya mapanga inagonga ardhi na kurusha maji pembeni. Ipandishe nusu mita, upime upya.

Hatua ya 4: Rudi kwenye hesabu

Kipimo kingetoa mita 3.5, mtiririko ungeshuka hadi lita 2.1. Shinikizo hupungua kwa mraba wa mtiririko, kwa hiyo baa 3 ingekuwa karibu 2.3, na matone yangekuwa makubwa kidogo. Kama hutaki hivyo, ongeza mwendo hadi mita 5.7 kwa sekunde. Lakini mwendo mpya unabadilisha mkanda, basi karatasi zipangwe tena.

Hatua ya 5: Jaribio la mwisho

Jaza tangi hadi alama. Ruka mikanda mitano ya mita 100 kwa maji, ukinyunyizia njiani tu na si kwenye kona. Kila mkanda ni mita za mraba 400, sekunde 20, lita 0.8. Ukirejea, pima maji yanayohitajika kulijaza tangi mpaka alama ile ile: yawe karibu lita 4. Yakifika 4.4, angalia kama pampu inapunguza mtiririko droni inapopunguza mwendo karibu na kona. Isipofanya hivyo, miisho ya mistari inapata dozi kubwa kuliko katikati ya shamba.

Dawa yenyewe ipime kwa ekari kama lebo inavyosema. Ikiwa lebo inaruhusu mililita 100 kwa ekari, hizo 100 ndizo zinazoingia katika lita zako 8. Usichukue kipimo cha bomba la mgongoni la lita 20 na kukigawanya kwa wingi wa maji, kwani ekari itapata chini ya nusu ya dozi hata mikanda ikiwa sawa kabisa.